Mkopo umebadilishwa na wewe ndo mdhamini: utokee njia ipi kati ya hizi tatu?

Umesaini udhamini, mwaka ukapita, leo anakupigia simu afisa mikopo usiyemjua anakwambia uliyemdhamini kagoma kulipa na sasa wanakudai wewe, ila kiasi anachokitaja si kile ulichosaini, kimevimba, na hata tarehe ya mwisho ya mkopo siyo ile. Wengi huku Tanga wakifika hapo ama wanakimbilia kulipa kwa aibu ya mtaani, ama wanakaa kimya wakijisemea mimi sikukopa, hela sijaila, watanifanya nini. Hilo la pili ndo baya zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 80, inasema deni la mdhamini liko sawasawa na la mdaiwa mwenyewe, labda mkataba wenu uwe umesema vingine, kwa hiyo mkopeshaji anaweza kukufuata wewe hata kabla hajammaliza mkopaji. Kwamba hukula hela, hilo mahakamani halikusaidii kitu.

Kinachoweza kukusaidia ni kile mkopeshaji alichoufanyia mkopo baada ya wewe kusaini. Sheria hiyohiyo, kuanzia kifungu cha 85 mpaka cha 93, inampa mdhamini sehemu kadhaa za kutokea, na zinazomhusu mtu ambaye mkopo wake umechezewa ni tatu: masharti yamebadilishwa bila ridhaa yako, mdaiwa ameongezewa muda kwa makubaliano, au mali iliyowekwa kushikilia mkopo imeachiwa. Watu wanazichanganya wanaandika barua moja ndefu yenye malalamiko yote, halafu mwanasheria wa benki anajibu kile kidogo kilicho dhaifu na kingine anakikalia. Afadhali ujue ipi ni yako.

Nitazipima zote kwa maswali manne yaleyale. Unatakiwa uoneshe nini, na kwa karatasi gani? Ukishinda unatoka mzima au unapunguziwa tu? Fomu uliyosaini inaweza kuizibaje njia hiyo? Na inamfaa mtu wa namna gani?

Kwanza angalia ulisaini kama nani

Hili nalisema haraka lakini usiliruke. Toa kopi ya mkataba uangalie jina lako limekaa wapi. Kama uliandikwa mkopaji mwenza, yaani wewe na mwenzio mmekopa pamoja, basi haya yote hapa chini kwa kawaida hayakuhusu, hata kama mlielewana nyumbani kwamba wewe ni wa kusindikiza tu. Kifungu cha 84 kinasema maelewano yenu ya pembeni hayamgusi mkopeshaji hata kama aliyajua. Kuna taasisi za mikopo siku hizi zinapenda sana kumsainisha mke au kaka kwenye mstari wa mkopaji badala ya mdhamini, na sababu yake ndo hii.

Mfano tutakaotembea nao

Nimeutunga, lakini mambo yake ni ya kila siku. Mpwa ana duka la vitambaa pale Ngamiani. Mjomba wake, mstaafu, ana nyumba Makorora. Mpwa anakopa milioni 20 kwa miezi 24, anaweka kadi ya gari lake aina ya Noah lenye thamani ya milioni 9, mjomba anasaini udhamini wa mkopo huo. Mpwa analipa vizuri mpaka deni linabaki milioni 14 na laki 5. Hapo afisa anamwambia wewe mteja mzuri, twende tukufanyie topapu. Anapewa mkopo wa milioni 30 kwa miezi 36, na kwa sababu anataka kuuza Noah anunue Kenta, wanamrudishia kadi. Mjomba haitwi. Anapata meseji tu: "Mjomba shikamoo, wameniongezea mtaji, mambo yanaenda." Anajibu: "Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie." Mpwa analipa milioni 6 nyingine, biashara inakata, zinabaki milioni 24, na barua ya madai inafika Makorora. Riba tuiweke pembeni ili hesabu isitusumbue.

Njia ya kwanza: masharti yamebadilishwa bila wewe kuridhia

Hii ni kifungu cha 85 na ndiyo yenye historia ndefu. Kesi mama ni ya Uingereza, Holme dhidi ya Brunskill, 1878. Mtu alimdhamini mpangaji wa shamba kwamba mwisho wa upangaji kondoo 700 watarudi kwa mwenyewe wakiwa wazima. Katikati mwenye shamba na mpangaji wakakubaliana kipande kimoja cha malisho kirudishwe na kodi ipungue pauni 10 kwa mwaka. Mdhamini hakuulizwa. Baraza la wazee wa mahakama likaona badiliko lenyewe dogo, halikuathiri kitu, lakini mahakama ya rufani ikamwachia mdhamini, ikisema kama si jambo la wazi kabisa kwamba badiliko ni la kitoto au haliwezi kumuumiza mdhamini, basi mwenye kuamua kama aendelee kubaki ni yeye mdhamini, si mahakama na wala si mkopeshaji. Hukumu za huko Uingereza, kwetu hazilazimishi, zinashawishi tu, na sheria yetu yenyewe imetoka kwenye ile ya India ya 1872 ambayo nayo ina mizizi hukohuko.

Sasa cha kuonesha ni vitu viwili: kwamba kuna badiliko, na kwamba hukuridhia. Karatasi ya kuitafuta kuliko zote ni stetimenti ya mkopo, siyo ile ya akaunti ya akiba. Iangalie kwa makini kwa sababu topapu hufanywa kwa namna mbili na zinatofautiana kama mchana na usiku. Namna moja, mkopo wa zamani unafungwa: utaona siku hiyo salio la 14,500,000 limelipwa lote, akaunti ya mkopo imekuwa sifuri, halafu umefunguliwa mkopo mwingine wenye namba nyingine, mpwa akapewa mkononi tofauti yake, milioni 15 na nusu. Namna ya pili, namba inabaki ileile, ila kiasi kimeongezwa na ratiba imechapwa upya.

Kwenye namna ya kwanza mjomba ana hoja nzito sana: deni nililodhamini limelipwa, tena mmelilipa nyie wenyewe, hili jingine sijalisaini. Anatoka mzima. Kwenye namna ya pili ndo watu wanaumia, kwa sababu kifungu cha 85 kinamtoa mdhamini kwa shughuli zinazofuata baada ya badiliko. Milioni 15 na nusu zilizoongezwa hazimhusu, hilo halina shida, lakini mkopeshaji atasema zile 14 na nusu za zamani bado zako. Hapo mjomba anaangalia zile milioni 6 zilizolipwa baadaye: kama hakuna aliyesema zinalipa sehemu gani, kanuni ya kawaida ni kwamba zinafuta deni la zamani kwanza, kwa hiyo linabaki milioni 8 na nusu. Si sifuri, lakini si 24.

Fomu inaizibaje? Karibu kila fomu ya benki ina aya inayosema mdhamini anakubali mapema mabadiliko yoyote ya mkopo bila kuhitaji kuarifiwa. Ipo hapohapo katikati ya maandishi madogo na kwa kawaida inashika. Lakini hata yenyewe ina mwisho wake. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Uingereza, kwenye Triodos Bank dhidi ya Dobbs, ilisema ridhaa ya mapema ya kubadilisha mkataba haigeuki kuwa ridhaa ya kuuondoa mkataba na kuweka mwingine tofauti, lazima badiliko libaki ndani ya jambo ambalo mdhamini alilidhamini. Kusogeza tarehe ya rejesho ni kubadilisha. Kugeuza mkopo wa duka la vitambaa wa milioni 20 ukawa wa milioni 30 wa kununua Kenta, hapo una la kusema. Isipokuwa ulisaini udhamini wa madeni yote, ya sasa na ya baadaye, hapo hata mkopo mpya unaingia, na cha kufanya ni kutoa notisi ya kusitisha kwa mambo yajayo, kifungu cha 82 kinaruhusu, ila hainyanyui yaliyokwishapita.

Njia hii inamfaa zaidi mtu aliyedhamini mkopo mmoja unaotajwa kiasi na lengo, halafu ukaja topapu. Na inamfaa mwenye kujizuia mdomo. Meseji ya mjomba ilimwombea tu mpwa heri baada ya jambo kufanyika, haikusema ongezeni, kwa hiyo anaweza kupona nayo. Angeandika "sawa, nipo nyuma yako kama kawaida," hiyo meseji ingechapishwa ikapelekwa mahakamani, maana tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 meseji na watsapu vinapokelewa kama ushahidi.

Njia ya pili: mdaiwa ameongezewa muda

Kifungu cha 87. Hapa hela haijaongezwa, ila mkopeshaji na mdaiwa wamekubaliana alipe baadaye, au wamekubaliana asishtakiwe, au wamepatana alipe pungufu. Mtu anajiuliza, mimi kuongezewa muda mpwa wangu kunaniumiza nini, si nafuu hiyo? Sababu yake ni kwamba mdhamini ana haki ya kulipa deni likiiva, akavaa viatu vya mkopeshaji na kumdai mdaiwa palepale angali ana mali. Ukimfunga mkopeshaji kwa miezi 12 zaidi, umemfunga na mdhamini, na kwa miezi hiyo 12 duka linaweza kuwa limebaki fremu tupu.

Cha kuonesha ni makubaliano yanayomfunga mkopeshaji. Hapa ndo wengi wanaanguka. Afisa akinyamaza miezi minane, akimwambia mteja "jitahidi bwana, mwezi ujao nitakuja", akimhurumia kwa sababu ya msiba, huko ni kuvumilia tu na kifungu cha 89 kinasema kuvumilia peke yake hakumtoi mdhamini. Mkopeshaji ana miaka 6 ya kufungua kesi ya mkataba tangu haki yake ilipoanza, kwa hiyo uzembe wake ndani ya muda huo siyo mwokozi wako. Unachokitafuta ni barua ya kupanga upya marejesho yenye saini za pande zote, au ratiba mpya iliyopigwa muhuri. Ukienda ofisini kwao usiulize "mlimwongezea muda?", watasema hapana, omba kopi ya kila ratiba ya marejesho iliyowahi kutolewa kwenye mkopo huo. Zikiwa mbili, umepata.

Utamu wa njia hii ni kwamba ukiipata inakutoa mzima, haina mambo ya kabla na baada kama ile ya kwanza. Kwa mjomba wetu hata kama topapu ilifanyika ndani ya namba ileile, kusogeza mwisho kutoka miezi 24 kwenda 36 kwa makubaliano kunampa hoja ya kutolipa hata zile milioni 8 na nusu.

Ubaya wake ni kwamba ndiyo inayozibwa kirahisi kuliko zote. Ile aya ya ridhaa ya mapema karibu kila mara inataja muda kwa jina lake, na kuongeza muda ni badiliko la kawaida mno kwenye mikopo, kwa hiyo ile hoja ya kwamba wamevuka mipaka ya udhamini wako hapa haina nguvu. Pia ukikaa kwenye kikao cha kupanga upya ukatikisa kichwa, umeridhia. Wadhamini wa vikundi na sakosi wanaliwa sana hapa, wanaitwa kikaoni "mje mshuhudie", wanasaini mahudhurio, kumbe chini ya karatasi ya mahudhurio kuna azimio la kuongeza muda. Mimi naona mtu akiitwa kikao cha namna hiyo na hataki kuendelea, aende, aseme hapana, na aombe hapana yake iandikwe kwenye muhtasari.

Inamfaa nani basi? Aliyedhamini kwa mkopeshaji mdogo mwenye fomu fupi, au ndugu kwa ndugu kwa karatasi ya serikali ya mtaa, sehemu ambazo hiyo aya haipo kabisa. Mwenye fomu ya benki ya kurasa sita ni bora asiweke matumaini yote hapa.

Njia ya tatu: dhamana imeachiwa

Vifungu vya 91 na 93. Mdhamini akilipa ana haki ya kukabidhiwa kila mali ambayo mkopeshaji alikuwa anaishikilia kwa mkopo huo wakati udhamini unaingiwa, awe aliijua au hakuijua. Mkopeshaji akiipoteza au akiiachia bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaondolewa deni kwa kiasi cha thamani ya mali hiyo.

Kwa hiyo jibu la unatoka mzima au nusu liko wazi: unapunguziwa. Mjomba akisimama na njia hii peke yake, milioni 24 toa 9 za Noah, anabaki na 15. Watu wengi hawaipendi kwa sababu hiyo, wanataka ile ya kutoka moja kwa moja, lakini angalia upande wa ushahidi. Ile ya kwanza unabishana badiliko ni la aina gani, ya pili unabishana kulikuwa na makubaliano au uvumilivu. Hapa mambo ni makavu: kadi ilikuwa mikononi mwao siku ya mkataba, orodha ya dhamana inaitaja, leo gari lina jina la mtu mwingine. Unachobishania ni bei tu, na hapo tafuta makadirio ya siku lilipoachiwa, kwa sababu Noah lililouzwa mwaka juzi ukilipima leo likiwa limechoka linakupunguzia haki yako mwenyewe.

Siyo kuachia tu. Kama mali ilitakiwa isajiliwe kwa jina la mkopeshaji nao hawakusajili, mdaiwa akaiuza, huo uzembe unaweza kuingia humuhumu. Ila mali iliyoletwa baadaye, baada ya wewe kusaini, kifungu cha 93 hakikupi, usijichanganye. Na kitu kingine kinachochanganywa sana: mkopeshaji akimwachia mdhamini mwenzio, hiyo haikutoi wewe. Kifungu cha 90 kinasema wenzake wanabaki, ingawa huyo aliyeachiwa bado mnaweza kumdai mchango wake.

Fomu nayo huwa na maneno ya kuachia dhamana bila kumwuliza mdhamini, na yakiwepo kwa uwazi yatakubana. Lakini fomu nyingi zinaandika muda na mabadiliko kwa urefu halafu dhamana zinasahaulika, kwa hiyo isome neno kwa neno kabla ya kukata tamaa. Inamfaa mdhamini ambaye mkopo wake ulikuwa na kitu kinachoonekana, gari, mashine ya boti, hati ya kiwanja, na pia inamfaa mtu anayetaka kumaliza kwa maelewano. Mkopeshaji anayejua ameachia milioni 9 hovyo anakaa mezani haraka kuliko anayetishiwa kukosa zote.

Sasa wewe uko wapi kati ya hizi

Hazikatazani. Mjomba angeziweka zote kwa mpangilio: kwanza deni langu mlilifunga, kama halikufungwa basi mliongeza muda bila mimi, na kama hata hilo hamlikubali basi toeni thamani ya gari. Ila ya kuwekea nguvu na hela ya wakili inategemea stetimenti na fomu.

Kama namba ya mkopo imebadilika na salio la zamani limekwenda sifuri, weka nguvu kwenye njia ya kwanza, hata fomu ikiwa na aya ya ridhaa, mradi udhamini wako si wa madeni yote. Kama namba haijabadilika na fomu yako ni karatasi moja isiyo na aya hiyo, ya pili inakulipa zaidi. Kama fomu imeziba kila kitu kuhusu mabadiliko na muda, hamia kwenye dhamana usome imesemaje. Kama hakuna karatasi yoyote mpya, hakuna ratiba mpya, hakuna mali iliyoachiwa, ni mdaiwa tu halipi na benki imechelewa kudai, basi kwa kweli huna njia humu, kaa nao upange malipo, na kila shilingi unayolipa chukua risiti yenye jina lako ili uje kumdai uliyemdhamini.

Kama barua imeshafika na hujajua lolote, usilipe hata kidogo "kuonesha nia njema" na usisaini barua ya kukiri deni kabla hujaona karatasi. Malipo ukiwa umeshajua mkopo ulibadilishwa yatasomwa kwamba uliridhia. Andika barua ya nusu ukurasa kuomba vitu vitatu, mkataba wa mkopo pamoja na fomu ya udhamini, stetimenti kamili tangu siku ya kwanza, na orodha ya dhamana na lini kila moja iliachiwa. Ipeleke mwenyewe, wagonge muhuri wa kupokea kwenye kopi yako.

Na kama hujasaini bado, mpwa yuko sebuleni na fomu, chukua kalamu uandike kwenye fomu kiasi kisichozidi, namba ya mkopo, tarehe ya mwisho, na maneno "nyongeza yoyote lazima niisaini", halafu afisa na wewe mweke saini pembeni ya maandishi hayo. Afisa akikataa kusaini pembeni, ujue topapu iko kwenye mipango yake.